Safu ya "Kununua" si yako: dhana potofu kwenye maswali ya kubadilisha fedha

"Mimi ndiye ninayenunua dola, kwa hiyo naangalia safu ya Kununua." Kila kundi la watahiniwa ninaloliandaa kwa mitihani ya usaili huja na sentensi hii, nami nimechoka kuisikia. Jedwali limeandikwa na duka la fedha, nalo linazungumzia biashara ya duka. "Kununua" ni bei ambayo duka litakupa kwa fedha ya kigeni uliyokuja nayo. "Kuuza" ni bei ambayo litakutoza likikupa fedha ya kigeni.

Chukua jedwali hili la mazoezi la duka la Dar es Salaam. Dola ya Marekani: kununua 2,500, kuuza 2,600. Shilingi ya Kenya: kununua 19.5, kuuza 20.5. Mteja ana shilingi 40,000 za Kenya, anataka dola. Hakuna bei ya moja kwa moja, hivyo lazima apitie shilingi ya Tanzania. Za Kenya zinaingia dukani, kwa hiyo ni safu ya Kununua: 40,000 × 19.5 = 780,000. Kisha dola zinatoka dukani, kwa hiyo ni Kuuza: 780,000 ÷ 2,600 = dola 300.

Aliyegeuza safu anapata 820,000 ÷ 2,500 = dola 328, na mtunzi wa mtihani, anayemjua vizuri, ameshaiweka 328 kwenye machaguo. Kwa hiyo usijiulize nani ananunua. Jiulize fedha ya kigeni inavuka kaunta kuelekea wapi. Ukitaka kujihakiki, piga hesabu kwa bei za kati, 20 na 2,550: inakuja kama dola 314. Jibu lako likizidi hapo, duka limepata hasara, na maduka ya fedha hayafunguliwi kwa ajili hiyo. Lakini bei ya kati ni ya kuhakiki tu. Usiijaze kama jibu.

Wengine hukadiria katikati ya njia. Shilingi moja ya Kenya hapo juu ni dola 0.0075. Ikadirie kuwa 0.01, na zile 40,000 zinageuka dola 400! Kadiria mwishoni tu.

Kuhusu ada, watu hubishana kama asilimia 2 ikatwe kabla au baada ya kubadilisha. Ikiwa peke yake, haina tofauti: zote mbili zinaacha dola 294. Ada ya kiasi maalumu ndiyo inayodai uangalifu, kwa sababu lazima uikate ikiwa katika fedha yake. Shilingi 7,800 za Tanzania zinatoka kwenye zile 780,000, zinabaki 772,200, sawa na dola 297.

Na mteja akitaka abaki na dola 490 baada ya ada ya asilimia 2, usiongeze asilimia 2 juu ya 490. Utapata 499.80, na ada ikikatwa hapo hazifiki 490. Gawanya: 490 ÷ 0.98 = 500.