Mtoto kusimama usiku ndani ya chandarua: si meno, wala si kazi ya dawa ya mafua

Siku hizi kliniki yetu ya mama na mtoto inapokea lalamiko moja mara kwa mara: mtoto wa miezi saba hadi kumi, aliyekuwa akilala vizuri, sasa anaamka mara tatu au nne. Wengine hufika wakiwa wameshampa dawa ya mafua ili alale. Tafadhali acheni. Promethazini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kudhoofisha pumzi mpaka ikakata.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miezi minane, akishikilia kwamba ni meno. Meno yanasingiziwa mengi. Tulimweka mtoto mkekani, akatambaa hadi kwenye benchi, akajivuta, akasimama, kisha akaangua kilio. Kusimama alikujua, kukaa hakukujua. Saa nane usiku mambo yalikuwa hayo hayo: anashika chandarua, anasimama, anakwama.

Usingizi wa mtoto huja kwa vipindi vya takriban saa moja, na kati ya kipindi na kipindi hulala mang'amung'amu. Zamani angejigeuza akaendelea. Sasa mwili unarudia zoezi la mchana, na akishasimama usingizi umekwisha. Umri huo ndio pia anaoanza kulia mama akiondoka machoni pake.

Tulimwelekeza mama amfundishe mchana: mtoto akiwa amesimama, mwekee kijiko sakafuni, umkunje magoti taratibu hadi makalio yaguse chini. Mara kumi, kumi na tano, kila siku. Usiku mlaze bila taa na bila mazungumzo. Akisimama tena, mlaze tena. Godoro liwe chini, chandarua kichomekwe.

Muda wake? Kwa wengi, stadi moja husumbua wiki mbili hadi tatu. Lakini stadi hufuatana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa walifuatilia watoto walioanza kutambaa, wakaona kuamka kunaongezeka, kisha kunarudi kama mwanzo ndani ya miezi mitatu hivi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, kutembea peke yake huanza popote kati ya miezi 8 na 18 hivi, kwa hiyo msilinganishe na mtoto wa jirani.

Mlete mapema akiwa na homa, akikataa kunyonya, akikoroma au akihema kwa shida, au akiacha jambo alilokuwa akiliweza. Njoo na kadi ya kliniki, ile yenyewe, si picha ya simu, na uandike nyuma ya daftari saa alizoamka kwa siku tatu. Bila hayo tutakuuliza upya, na foleni ni ndefu.

Yule mama alirudi kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Mtoto anakaa mwenyewe na analala. Ila juzi ameanza kutembea akishikilia ukuta, na jana ameamka mara mbili.