Mkojo unaounguza: siku nane za mwanafunzi wa hosteli

Ilianza Jumatatu usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alitoka chooni akiwa amekunja uso: mkojo ulimuunguza, ukatoka matone tu, na baada ya dakika kumi akataka kurudi tena. Jumanne alikunywa maji, lita tatu kwa siku. Jumatano mwenzake wa chumbani akampa kapsuli nne za amoksilini zilizobaki. Maumivu yakapungua, akaamini amepona. Ijumaa yalirudi kwa nguvu, akaanza kujiosha ukeni kwa dawa ya kuua vijidudu. Hapo muwasho ukaongezeka, kwa kuwa dawa hiyo huchubua ngozi laini na kuua bakteria walinzi wa uke.

Jumatatu iliyofuata alimwona tabibu.

"Kuna dawa yoyote umeshatumia, dada?"

Alisita, kisha akataja zote. Alifanya vyema, maana bila jibu hilo vipimo husomwa vibaya. Tabibu aliuliza pia kuhusu homa, uchafu ukeni, hedhi na kujamiiana, kwa sababu klamidia, kisonono na fangasi navyo huleta maumivu wakati wa kukojoa, na kila kimoja kina dawa yake. Kipimo cha mimba hakikuonyesha ujauzito.

Kijiti cha kupima mkojo kilionyesha seli nyeupe, lakini naitraiti haikuonekana. Bakteria huhitaji takribani saa nne ndani ya kibofu ili watengeneze naitraiti ya kutosha, na yeye alikuwa akienda chooni kila nusu saa kwa ajili ya yale maji. Akaambiwa alete mkojo wa kwanza wa asubuhi: anawe mikono, atenganishe mashavu ya uke, aachie mkojo wa mwanzo uende, kisha akinge wa katikati kwenye kopo safi la maabara bila kugusa ndani yake. Ufike maabara ndani ya saa mbili, la sivyo bakteria huongezeka humo koponi na kudanganya majibu.

Mkojo ulipooteshwa, siku mbili baadaye alionekana E. koli, bakteria wa utumboni, tena sugu kwa amoksilini. Zile kapsuli nne hazikuwa na uwezo wa kummaliza. Na kama bakteria huyo asingekuwa sugu, naye akapima siku ileile alipozimeza, huenda zingetosha kumzuia kuota maabara, aambiwe hana kitu.

Alipewa nitrofurantoini ya miligramu 100, mara mbili kwa siku pamoja na chakula, kwa siku tano. Mkojo unaweza kuwa wa kahawia, hilo lisimtishe. Lakini akipata homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, arudi siku hiyohiyo: dawa hii hujikusanya kwenye mkojo, haifiki ya kutosha ndani ya nyama ya figo.