"Tulikubaliana elfu tatu": dhana potofu kuhusu boda anayedai nyongeza mwisho wa safari

Mimi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda huku Tegeta, Dar es Salaam, na kesi za nauli huletwa kwangu. Karibu kila abiria anaanza na neno moja: "Tulishakubaliana bei, huyu anataka kuniibia." Nimechoka kulisikia, kwa sababu mara nyingi walichokubaliana ni bei tu. Mahali pa kushukia hawakukubaliana.

Dhana hii ndiyo inayozaa ugomvi mwingi: kwamba ukitaja jina la eneo, safari yako imeeleweka. Abiria anasema "Madale, shilingi ngapi?" Dereva anajibu elfu tatu akiwa na maana ya kituoni, barabarani. Abiria ana maana ya nyumbani kwake. Wakifika kituoni anamwambia "twende tu, ni hapo mbele", na hapo mbele ni kilomita 2 za vumbi na makorongo. Kwenye geti dereva anadai elfu tano.

Kesi ya namna hiyo ilinifikia kwa simu. Dada mmoja ameshika elfu tatu, dereva anazikataa, sauti zimeshapanda. Nilimwuliza kila mmoja swali moja tu: kilichoongezeka ni nini? Dereva akasema njia ya ndani. Dada akakubali kwamba kituo walikipita, ila hakuambiwa kuwa bei inabadilika. Kijiweni kwetu kipande kama hicho ni elfu moja, kwa hiyo akalipa elfu nne. Elfu moja nyingine dereva aliitaka kwa sababu njia ilikuwa mbaya, nami nikamkatalia. Alipoiona njia mbaya alipaswa kusimama pale pale na kusema bei, abiria akiwa bado na nafasi ya kushuka au kukubali.

Angalia kwamba sikugawa nusu kwa nusu. Watu wanapenda sana suluhu hiyo na mimi siipendi hata kidogo, maana anayetaja kubwa zaidi ndiye anayefaidi. Angedai elfu saba, nusu kwa nusu ingempa elfu tano. Lipia kilichoongezeka kweli: umbali uliopita pale mlipopataja, kumsubirisha uliposema "dakika tano" ukakaa nusu saa dukani, au mzigo uliouchukua njiani. Kama hakuna kilichoongezeka, usiongeze. Foleni, mafuta kupanda, mvua iliyokuwa ikinyesha tangu mnaondoka, yote hayo dereva aliyajua alipotaja bei.

Kwa hiyo kabla hujapanda, taja alama: "Madale, ukipita msikiti, mpaka getini, jumla elfu ngapi?" Neno jumla ulitamke.

Wengine wanaamini serikali ina bei elekezi ya boda, kwa hiyo wanamtishia dereva kwa LATRA. Nauli ya boda wa kijiweni ni ya mapatano. Na mapatano ya mdomo ni mapatano halali, hayahitaji karatasi, ndiyo maana nasisitiza yawe wazi.

Halafu kuna hii ya kwamba ukipiga kelele watu wakajaa utapata haki. Watakaofika kwanza huenda ni madereva wenzake, na hawakusikia mlichokubaliana. Vilevile kumtupia hela na kukimbilia ndani hakumalizi kitu, kwa sababu geti lako ameshaliona. Shuka, rudisha helmeti, chukua mzigo wako, kisha sema taratibu: "Kaka, tulisema elfu tatu mpaka hapa. Kilichoongezeka ni nini?" Akikosa jibu, mpe elfu tatu kamili mkononi. Hapo noti ya elfu kumi itakuponza, maana ataishika na kusema hana chenji. Uliza chenji kabla hamjaondoka, au lipa kwa simu na ubaki na ujumbe wa muamala.

Akizikataa, usibishane zaidi. Soma namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC, na namba ya kijiwe kama ameiandika kwenye kizibao. Mwambie mmpigie mwenyekiti au katibu wa kijiwe chake. Dereva mwenye kijiwe hulegea hapo, kwa sababu kwetu anayethibitika kubambikiza nauli tunamsimamisha kupakia. Yule wa kuokota barabarani hana wa kumpigia, na ndiyo sababu nawaambia abiria wapande kijiweni, hasa usiku.

Polisi je? Kwa tofauti ya elfu moja mtaambiwa mkapatane, na ofisi ya serikali ya mtaa itafanya hivyo haraka zaidi. Ila akikupokonya simu, akikuzuia kuondoka au akikupiga, hilo si suala la nauli tena. Mpe anachotaka ili utoke salama, halafu nenda kituoni na ile namba ya MC.