Kura ya maoni peke yake haizai nchi

Nimechoka kusahihisha hoja hii: kila watu wana haki ya kujiamulia mambo yao, kwa hiyo jimbo likipiga kura ya kujitenga, limeshakuwa nchi. Nusu ya kwanza ni kweli, imo katika kifungu cha 1 cha mikataba miwili ya haki za binadamu ya 1966. Hiyo "kwa hiyo" imetoka wapi?

Someni kesi ya Quebec. Mwaka 1995 wapiga kura wa jimbo hilo la Kanada waliukataa uhuru kwa tofauti ndogo mno: asilimia 50.58 dhidi ya 49.42. Serikali kuu ikaiuliza Mahakama ya Juu: je, wangekubali, Quebec ingeweza kuondoka bila kuafikiana na wengine? Mwaka 1998 mahakama ikajibu kwamba hapana, si kwa katiba wala kwa sheria ya kimataifa.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanaponikera, maana uzito uko kwenye sababu. Mahakama haikusema mipaka ni mitakatifu. Ilisema watu kwa kawaida huitumia haki hii wakiwa ndani ya nchi yao: wanachagua, wanachaguliwa, wanalinda lugha na taasisi zao. Wakwebeki walikuwa na hayo yote. Kwa karibu miaka 40 kati ya 50 iliyotangulia, waziri mkuu wa Kanada alikuwa mtu wa kwao. Dola inayowawakilisha watu wake wote bila ubaguzi ndiyo inayostahili kinga ya mipaka yake. Ona basi kwamba kinga hiyo ina sharti. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1970 linasema hivyohivyo, ila wanafunzi hunukuu nusu inayowafaa.

Na kura nayo si bure. Mahakama ilisema swali likiwa wazi na wengi wakikubali waziwazi, pande zote zinawajibika kujadiliana. Wengi kiasi gani? Haikutaja. Iliwaachia wanasiasa, na mimi naona ilikwepa.

Makoloni yana haki ya kujitenga, hilo halina ubishi. Watu walio chini ya utawala wa kigeni wa mabavu vilevile. Mlango wa tatu ndio wenye utata: watu walionyimwa kabisa nafasi ndani ya nchi yao. Mahakama ya Kanada iliutaja bila kuamua kama upo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya 2010 kuhusu Kosovo, iliyojitangazia uhuru kutoka Serbia mwaka 2008, ilisema tu kwamba tangazo lile la uhuru halikuvunja sheria ya kimataifa. Kama Kosovo ilikuwa na haki ya kujitenga, haikugusa. Tafadhali msiniandikie kinyume chake.

Wanaouamini mlango huo hutaja Bangladesh, iliyojitenga na Pakistani. Ukandamizaji wa 1971 ulikuwa wa kutisha, lakini nchi nyingi ziliitambua baada ya jeshi la Pakistani kusalimu amri Desemba mwaka huo. Zilitambua haki, au zilitambua ushindi? Vitabu vingi huchagua jibu moja. Mimi bado siwezi kutenganisha haki na ushindi.