Swali la matone lililowayumbisha wanafunzi wangu bora

Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi kwenye maswali ya kuchagua, sivibuni kichwani. Naviokota kwenye makosa ya wanafunzi wenyewe. Nawapa kwanza swali lisilo na machaguo: mgonjwa ameandikiwa lita 1 ya Ringa Lakteti kwa saa 8, dripu iende matone mangapi kwa dakika?

Kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, hesabu ni 1000 × 20 ÷ 480, yaani takriban 42. Yupo aliyegawa 1000 kwa 8 akaishia 125, ambazo ni mililita kwa saa. Yupo aliyepata 31 kwa kutumia seti ya matone 15. Mwingine alisahau kugeuza saa kuwa dakika, akaleta 2500. Nikaandika machaguo manne: 31, 42, 125 na 2500.

Waliofanya mtihani walikuwa 60. Nilizipanga karatasi kwa alama za jumla, nikachukua 16 za juu na 16 za chini, kama asilimia 27 kila upande. Darasa zima, waliopata ni 26, sawa na 0.43. Kwa ugumu, swali lilionekana zuri tu. Lakini kati ya wale wa juu waliopata ni 7, na wa chini ni 6. Toa, gawa kwa 16: 0.06. Namba hii huonyesha kama swali linawatenganisha wa juu na wa chini. Mimi huanza kuwa na wasiwasi swali likishuka chini ya 0.20.

Nilipohesabu kila chaguo ndipo nikaona: 8 wa juu walikimbilia 31, wa chini 3 tu. Wodi waliyofanyia mazoezi ilikuwa na seti za matone 15, na mimi kwenye shina la swali, yaani maelezo yanayotangulia machaguo, sikutaja aina ya seti! Kosa lilikuwa langu. Nikawapa alama waliochagua 42 na waliochagua 31.

2500 haikuchaguliwa na yeyote. Ni kosa la kweli, ila mwanafunzi akiliona limechapwa linamshtua. Nani atahesabu matone 2500 kwa dakika? Nikaweka 21, jibu la anayehesabu chupa moja ya mililita 500 akasahau kwamba lita ni chupa mbili. Kwenye shina nikaongeza maneno "seti ya matone 20 kwa mililita".

Darasa lililofuata, nalo la watu 60, wa juu walipata 14, wa chini 6. Sasa ni 0.50, na 21 ikawavuta 4 wa chini.

Darasa likiwa dogo, namba hizi huyumba. Kwa wanafunzi 30 kila kundi lina watu 8, na mmoja akibahatisha anasogeza matokeo kwa 0.125. Kwa hiyo swali silitupi kwa mtihani mmoja. Kwenye benki ya maswali naandika chini yake tarehe, idadi ya watahiniwa, na waliochagua kila jibu, juu na chini, kisha nasubiri darasa jingine.