Utambulisho wa timu kwenye demo: sentensi moja kwa kila msanidi

Utambulisho wa timu kwenye demo ni ile dakika moja kabla programu haijafunguliwa kwenye skrini, ambapo kiongozi anawataja walioiandika na kusema kwa sentensi moja kila mmoja alifanya nini. Ni tofauti na utambulisho wa mikutano tuliyoizoea, wa kutaja vyeo kwa kufuata itifaki kuanzia mgeni rasmi. Kwenye demo cheo hakimsaidii mtazamaji. Anachohitaji ni kujua kipande gani cha kazi anayokaribia kuiona kilipita mikononi mwa nani, ili kikimtatiza ajue amuulize nani.

Sentensi yenyewe ina mambo matatu: jina la mtu, kitenzi kinachosema alichofanya, na kitu ambacho mtazamaji atakiona au ataweza kukipima. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Mara nyingi tunasikia "huyu anashughulika na bakendi," na mweka hazina aliyeketi mbele anaitikia kwa kichwa kwa adabu. Hajaambiwa lolote analoweza kulitumia.

Tuchukue timu ya watu wanne nchini Kenya inayowaonyesha viongozi wa sacco programu ya kukusanya michango. Mwanachama anaifungua kwenye simu na kuandika kiasi. Ombi la M-Pesa linajitokeza likidai PIN, anaiingiza, na baada ya muda mfupi salio lake kwenye sacco linaongezeka. Hayo ndiyo watakayoyaona viongozi. Wasiyoyaona ni kwamba jibu la malipo halirudi kupitia simu ya mwanachama. Linatoka kwenye mitambo ya M-Pesa kwenda moja kwa moja kwenye seva ya sacco, likiwa na `ResultCode`: 0 ikiwa malipo yamefanikiwa, 1032 ikiwa mwanachama ameghairi. Jibu hilo linaweza kuchelewa. Seva ikilipokea mara mbili bila kulikagua, mchango mmoja unahesabiwa kama miwili.

Msanidi aliyeandika sehemu hiyo ndiye mgumu zaidi kumtambulisha, kwa sababu kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachoonekana. Ukisema "ametengeneza mfumo wa malipo," umekosea kwa namna mbili. Kwanza umempa kisicho chake, maana mfumo wa malipo ni wa M-Pesa, na mtu atamuuliza kwa nini makato yako juu. Pili, umeficha alichokifanya kweli. Ukisema "ameunganisha API na kushughulikia majibu," umesema kweli, lakini ni wasanidi wenzake tu watakaoelewa. Baada ya jina lake, mimi ningesema hivi: "Yeye ndiye aliyeandika sehemu inayopokea taarifa ya malipo kutoka M-Pesa na kuhakikisha namba moja ya risiti haiongezi salio mara mbili." Mweka hazina anaijua namba ya risiti, huiona kila siku kwenye ujumbe wa simu. Anajua pia uchungu wa hesabu zisizolingana mwisho wa mwezi. Kwa sentensi hiyo anaweza kuomba aonyeshwe: taarifa ileile, yenye `MpesaReceiptNumber` ileile, itumwe tena kwenye seva mbele yake, na salio libaki lilivyokuwa.

Hapo sentensi imekuwa ahadi inayoweza kujaribiwa, na ndiyo maana sharti iwe ya kweli mpaka kwenye mipaka yake. Ikiwa timu bado inatumia mazingira ya majaribio, ambako pesa haiifikii akaunti ya sacco, hilo litajwe ndani ya sentensi hiyohiyo: "kwa sasa kwenye mazingira ya majaribio." Kiongozi wa sacco akija kuligundua mwenyewe katikati ya demo, ataanza kutilia shaka hata yale yaliyokamilika.

Wengine watatu ni wepesi zaidi. Aliyetengeneza skrini za simu: "Ameandika kila ukurasa mtakaouona leo, pamoja na ule unaomwambia mwanachama asubiri wakati malipo bado hayajathibitishwa." Aliyeshika leja: "Ameandika leja inayoweka kila mchango pande mbili, ili jumla ya salio za wanachama ilingane na fedha zilizopokelewa." Wa nne ni mjaribu, ambaye timu nyingi humtaja mwisho kwa maneno "na huyu anatusaidia kutesti." Hiyo ni dhuluma, tena inawanyima viongozi habari muhimu. Taja alichokijaribu: "Amejaribu malipo yaliyoghairiwa, PIN isiyo sahihi na simu iliyozimwa katikati ya malipo, na ndiye atakayewaonyesha kinachotokea." Watu wanne kwa sentensi za namna hii hawamalizi dakika moja.

Mpangilio nao una kazi yake. Fuata njia ya mchango, kutoka skrini ya simu hadi taarifa ya malipo, kisha leja, kisha majaribio. Mtazamaji atakuwa ameshaipita njia nzima ya demo kabla haijaanza. Ukianza na msanidi mwenye uzoefu mkubwa na kumalizia na aliye kwenye mafunzo kazini, umepanga kwa cheo, na njia hiyo imepotea.

Timu ikiwa kubwa, utambulisho wa mwanzoni unachosha, na majina ya kwanza yanasahaulika kabla ya kufika ya mwisho. Hapo afadhali kumtambulisha kila mtu pale kipande chake kinapofika. Ndivyo alivyofanya Douglas Engelbart, mtafiti wa kompyuta wa Marekani, mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, katika onyesho la dakika 90 hivi ambapo umma ulikiona kipanya cha kompyuta kwa mara ya kwanza. Wenzake kadhaa walikuwa kwenye maabara yao Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 50. Ilipofika zamu ya kueleza programu yenyewe ilivyoundwa, alimwita Jeff Rulifson, naye akatokea kwenye skrini na kuieleza. Baadaye alikuja Bill Paxton, wakafanya kazi pamoja kwenye maandishi yaleyale kutoka pande mbili. Hadhira haikulazimika kukumbuka nani ni nani, kwa kuwa jina na kazi vilikuja pamoja.

Utajua sentensi zilifaulu wakati wa maswali. Mtu akiuliza "mchango wangu wa jana umechelewa kuonekana, kwa nini?" huku akimtazama aliyeandika sehemu ya taarifa za malipo, zimefanya kazi. Maswali yote yakimwendea kiongozi, naye akawa anageuka kila mara kuwanong'oneza wenzake, watazamaji walisikia majina tu.

Kuna hali mbili zinazohitaji uangalifu. Wawili wakiwa wameandika kipande kimoja bega kwa bega, wape sentensi moja yenye majina mawili. Kuwagawia nusu ambazo hazikuwahi kuwepo ni kuwaweka pabaya, kwani swali la kwanza litawataka waseme nani aliandika nini. Na msanidi aliyekwisha kuondoka kwenye timu, ilhali kazi yake bado imo ndani ya programu, atajwe pia, pamoja na jina la aliyeipokea: "Leja iliandikwa na mwenzetu aliyehamia kazi nyingine mwezi uliopita, na sasa inatunzwa na huyu." Viongozi wa sacco watahitaji jina hilo la pili siku leja itakapohitaji marekebisho.