"Niwekeze wapi akiba yangu?": swali lililokosa mambo matatu

"Nina akiba kidogo, niiwekeze wapi?" Swali hili lina majibu mengi mno, na jibu linalomfaa mmoja humtia mwingine hasarani. Halisemi akiba ni kiasi gani, itahitajika lini, wala mwenyewe anaweza kuvumilia hasara kiasi gani. Mshauri anayetaja hisa kabla ya kuuliza hayo anabahatisha, au ana kitu anachouza.

Linaloamua zaidi ni muda. Chukua watu wawili, kila mmoja ana 1,000,000. Wa kwanza atalipa ada ya chuo baada ya miezi 10. Wa pili anajiwekea kwa ajili ya uzee, miaka 25 ijayo. Wote wanaambiwa wanunue hisa. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, faharasa, yaani kipimo cha jumla cha bei, ya hisa za Marekani ya S&P 500 ilishuka kwa takriban asilimia 57, na bei hazikurudi zilipokuwa hadi 2013. Anguko kama hilo likitokea, wa kwanza atauza kwa 430,000 kwa sababu siku ya ada haimngoji. Wa pili anaweza kusubiri. Kwa hiyo wa kwanza inamfaa amana ya benki ya muda maalumu inayoiva kabla ya siku ya kulipa, hata kama riba yake haivutii.

Amana hiyohiyo ingemla wa pili polepole. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwaka na bei za bidhaa zikipanda asilimia 6, baada ya miaka 25 fedha yake itanunua karibu nusu tu ya inachonunua leo. Ila muda mrefu nao si kinga kamili: faharasa ya Japani ya Nikkei ilifika kilele mwishoni mwa 1989, ikakipita tena 2024. Ndiyo maana hata mwenye subira hashauriwi kuweka zote kwenye soko moja.

Kiasi nacho kina kazi yake. Ada ya 500 kwa kila ununuzi ni asilimia 5 ya 10,000, lakini haionekani kwenye 1,000,000. Tena kiasi hicho ni sehemu ya akiba au ndiyo yote? Kama ndiyo yote, kwanza atenge matumizi ya miezi mitatu hadi sita, asije akauza kwa hasara siku akiugua.

Kuhusu hasara, kumuuliza mtu kama ni jasiri hakusaidii. Soko likipanda kila mtu ni jasiri. Muulize kwa tarakimu: ukiamka ukute 1,000,000 imekuwa 700,000, utauza, utaacha, au utaongeza? Kisha muulize kama yamewahi kumkuta, na siku hiyo alifanya nini.